«Mama, umeolewa?» Mwongozo kamili wa kujibu maswali ya nyumbani kwenye usaili wa kazi Lubumbashi

Watafuta kazi wengi wa Lubumbashi hukwama mahali pamoja. Usaili umekwenda vizuri kwa Kifaransa, diploma imekubaliwa, kisha mkuu wa wafanyakazi anafunga dosie, anaegemea kiti na kuingia Kiswahili: «Mama, umeolewa? Watoto wangapi? Utaongeza?»

Hapo wengine husimulia nyumba nzima hadi ugomvi na mawifi. Wengine hukunja uso na kusema swali hilo haliruhusiwi. Wengine husema hawajaolewa, na uongo huo huwarudia siku wanapotaka mume na watoto waandikwe kwa ajili ya matibabu.

Mwongozo huu ni wa usaili wa ana kwa ana, na nimemlenga zaidi mwanamke kwa sababu ndiye anayeulizwa mara nyingi. Mwanamume anayeulizwa kwa nini hajaoa hadi leo anaweza kufuata hatua hizohizo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya siku yenyewe

Tangazo la kazi, limesomwa kwa kalamu. Piga mstari chini ya kila kinachogusa maisha ya nyumbani: safari za Kolwezi au Fungurume, kulala kambini, zamu za usiku, kufunga hesabu mwisho wa mwezi. Kama hukuona tangazo kwa sababu kazi uliisikia kwa mtu, muulize mtu huyo mambo haya.

Kadi ya mpiga kura na diploma, zimewekwa pamoja. Linganisha tarehe ya kuzaliwa kwenye kadi, diploma na wasifu wako. Wako watu wengi ambao tarehe hizo hazifanani kwa kosa la aliyeandika. Ukigundua tofauti ukiwa nyumbani, utaieleza kwa utulivu. Akiigundua msaili, swali la umri linageuka kuwa swali la uaminifu.

Ukweli kuhusu karatasi za ndoa yako. Je, ndoa imeandikwa kwenye komini, au mahari ilitolewa, familia zikakubaliana, na mambo yakaishia hapo?

Mpango wa nyumbani uliokwisha kukubaliwa. Nani atabaki na watoto ukisafiri? Nani ataitwa na shule mtoto akiugua? Hutamsomea mtu mpango huu wote, lakini kama haupo, sauti yako itakusaliti.

Sheria mbili kichwani. Kifungu cha 128 cha Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 kinasema uzazi hauwezi kuwa sababu ya ubaguzi katika ajira. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 36, inakataza mtu kuumizwa katika kazi yake kwa sababu ya jinsia. Zibaki kichwani kwanza. Baadaye nitasema ni lini zinatoka mdomoni.

## Hatua ya 1: Tafuta swali la kazi lililo ndani ya swali la nyumbani

Kabla ya kujibu, jiulize: mtu huyu anaogopa nini? Kwetu Kongo hofu hiyo mara nyingi ina hesabu nyuma yake. Sheria ya Kazi inamtaka mwajiri amtibu mfanyakazi pamoja na familia yake. Kwa hiyo anayeuliza «watoto wangapi» huenda tayari anawaza bili ya hospitali. Anayeuliza «utaongeza?» anawaza likizo ya uzazi, ambayo ni wiki 14 mfululizo, na katika muda huo mama ana haki ya theluthi mbili za malipo yake. Anayeuliza «bwana anasemaje?» anawaza safari ya Kolwezi, zaidi ya kilomita 300 kutoka mjini.

Sikiliza kilichosemwa kabla tu ya swali. Kama mlikuwa mnaongea juu ya zamu, swali la watoto ni la zamu. Kama mlikuwa kwenye mshahara na marupurupu, ni la gharama.

Pia kuna swali lisilo na hofu yoyote. Mtu wa hapa akikuuliza «watoto hawajambo?» mlangoni, kabla hamjaketi, anakusalimu. Mjibu kama salamu: «Hawajambo, Papa, na kwako?» Kosa kubwa la watu waliojiandaa kupita kiasi ni kuipokea salamu kwa ngao. Msaili anaona amekwaruzwa bila sababu, na mazungumzo yanaanza vibaya.

*Utajua umefaulu* kama unaweza kujiambia kimoyomoyo, kwa maneno machache, hofu yake ni ipi: safari, gharama, kutokuwepo, au kuondoka mapema.

## Hatua ya 2: Jenga jibu la sentensi mbili, kisha nyamaza

Sentensi ya kwanza inatoa ukweli mfupi, au inafunga mlango kwa heshima. Ya pili inajibu hofu ya kazi kwa jambo linaloweza kupimwa: siku, saa, kazi uliyokwisha kufanya. Baada ya hapo funga mdomo.

Kunyamaza ndiko kunakowashinda wengi. Msaili akitulia kidogo, mwombaji anaona jibu halikutosha, anaongeza: «Na mama mkwe yuko, ila siku hizi mgongo unamsumbua…» Sasa umempa wasiwasi ambao hakuwa nao. Ukimya wake mara nyingi ni kalamu tu inayoandika.

Jibu kwa lugha uliyoulizwa. Ameingia Kiswahili, mfuate Kiswahili. Ukibaki kwenye Kifaransa kikavu atasikia kwamba umemkataa yeye, wala si swali lake. Lakini sentensi ya pili, ile ya kazi, inaweza kuwarudisha nyote kwenye Kifaransa bila mtu kukwazika.

*Utajua umefaulu* swali lake linalofuata likiwa juu ya kazi.

## Hatua ya 3: Ndoa

Hali ya ndoa haina maana kuificha. Wasifu wa Kongo kwa desturi huitaja, na fomu ya kuandikishwa itaiuliza. Sema neno moja, ingia kazini: «Ndiyo, Papa, nimeolewa. Safari zilizo kwenye tangazo tulishazizungumza nyumbani, niko tayari.»

Tatizo lipo kwa walioolewa kimila tu. Mahari ilitolewa, watu walikula, lakini komini haina habari. Ukisema «nimeolewa» bila kufafanua, kampuni itataka cheti siku ya kuandika familia, na huna. Ukisema «sijaolewa», umemkana mtu ambaye huenda msaili anamfahamu. Jibu safi ni hili: «Ndoa yetu ni ya kimila, bado tunaiandikisha komini.» Liseme tu kama ni kweli mnaiandikisha. Na mfanye haraka, maana bila cheti ni vigumu kumwandikisha mwenzako kwa matibabu na marupurupu.

Tahadhari: barua ya mume. Zamani Sheria ya Familia ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kujifunga kwa mkataba. Marekebisho ya tarehe 15 Julai 2016 yaliondoa sharti hilo. Bado wapo wanaoiomba barua hiyo kwa mazoea. Usibishane papo hapo. Sema: «Nyumbani tumekubaliana, Papa. Kontra nitaisaini mwenyewe, kama sheria ya 2016 inavyoruhusu.» Hapa sheria inatoka mdomoni kwa sababu inampa msaili njia ya kuacha sharti lake bila aibu: sheria ndiyo iliyobadilika.

Mjane au aliyeachika asieleze sababu. «Niko peke yangu na watoto wangu» inatosha. Ukianza kueleza ndoa ilivyovunjika, mbele ya mtu anayekuonea huruma, utatoka humo ukiwa mtu wa kuhurumiwa, na wachache huajiri kwa huruma.

## Hatua ya 4: Watoto, walio tayari na wanaosubiriwa

Idadi ya watoto ulio nao ni ukweli wa kawaida. Itaje. Lakini mpango wa kuzaa una tofauti: hakuna karatasi ya kampuni itakayouhitaji, na hakuna mtu anayeweza kuuahidi kwa uhakika. Kwa hiyo hapa mlango unafungwa, kwa upole.

Usiseme «sitazaa tena.» Watu huitoa ahadi hiyo wakidhani inanunua kazi. Ukipata mimba baadaye, sheria inakulinda, lakini bosi atakumbuka ahadi, na kila siku yako ya kliniki itaonekana kama usaliti. Usiseme pia «tunasubiri Mungu atujalie hivi karibuni.» Ni kauli njema kanisani, ila kwa anayepanga zamu ni kalenda yenye mashimo.

Sema: «Mipango ya uzazi ni ya nyumbani, Papa, na Mungu ndiye ajuaye. Ya kazi nayajua: mwisho wa mwezi ukifika, nitakuwepo.» Sehemu ya Mungu haifai kwa kila mtu. Itumie kama ndivyo unavyosema siku zote, vinginevyo iache.

Kwa dada asiye na mtoto, hasa aliyekaa kwenye ndoa miaka kadhaa, swali hili linaweza kuwa kidonda. Jiandalie sentensi fupi kuliko zote: «Bado, Papa. Tuendelee na kazi?» Ifanyie mazoezi kwa sauti mbele ya mtu unayemwamini mpaka itoke bila koo kukaza. Huna deni la maelezo kwa mtu yeyote, na huyo aliye mbele yako pengine hakujua alichogusa.

## Hatua ya 5: Umri

Taja namba kamili mara moja, maana kadi ipo mezani. «Umri wa mwanamke hauulizwi» ni kauli ya sherehe, na kwenye usaili inafanya watu watazame kadi kwa makini zaidi.

Kisha jibu hofu. Kwa kijana, hofu ni kwamba wazee wa bohari hawatamsikiliza: «Nina 24. Nilipokuwa stajiere niliwahesabia bidhaa watu wa rika la baba yangu. Niliwaheshimu, na hesabu ilisainiwa.» Kwa aliyevuka 45, hofu ni kwamba hatakubali kuamriwa na kijana: «Nina 47. Mkuu wangu wa mwisho alikuwa mdogo kwangu, na ripoti zangu alizipata kwa wakati.» Toa mfano wako halisi. Ukiwa huna, taja jinsi utakavyofanya, usibuni.

## Mfano mmoja, mwanzo hadi mwisho

Tumchukue mhasibu wa bohari, mwanamke wa miaka 31, mkazi wa Katuba. Ameolewa, ndoa imeandikwa, ana watoto wawili wa miaka 6 na 3. Kazi iko kwenye kampuni ya usafirishaji: ofisi ni mjini, lakini kila mwezi mhasibu analala Kolwezi siku nne kuhesabu vipuri. Nyumbani wamekubaliana kwamba dada yake mdogo atahamia kwao siku hizo.

Msaili: «Mama, naona umeolewa. Bwana atakubali ulale Kolwezi?»

Hofu ni safari. Anajibu: «Tulilizungumza kabla sijaleta dosie, Papa Direkta. Siku nne za Kolwezi zimeshapangwa.» Hakumtaja dada yake, kwa sababu hakuulizwa nani anabaki na watoto.

«Na hawa wadogo wakiugua?»

Hapa ameulizwa, na swali ni halali: ni la kutokuwepo. «Yupo mtu wa familia anayebaki nao. Nikilazimika kutoka, utaarifiwa asubuhi, na faili langu litakuwa mahali mwenzangu anaweza kuliendeleza.» Sentensi hii ya mwisho ndiyo anayoikumbuka msaili, kwa sababu inamwonyesha kazi ikiendelea hata mhasibu asipokuwepo.

«Sawa. Lakini wa tatu je? Wasichana wa leo, tunawafundisha kazi, kesho wanaenda kuzaa.»

Hiki ni kisu. Mhasibu anatabasamu kidogo, hacheki kwa sauti, maana kicheko kikubwa humwalika msaili kuendelea. «Hayo ni ya nyumbani, Papa. Ninachoweza kukuambia ni kwamba mahali nilipotoka nilikaa miaka minne, na nilipoondoka stoku ilikabidhiwa bila upungufu.» Kisha anauliza swali lake: «Hapa hesabu ya vipuri mnaifanya kwa Ekseli, au mna programu?»

Swali hilo la mwisho linampa msaili pa kwenda. Mtu aliyefungiwa mlango bila kuonyeshwa mwingine hubaki amesimama palepale, ameudhika. Chagua swali ambalo ana raha kulijibu, na ambalo jibu lake unalihitaji kweli.

## Hatua ya 6: Anaporudia, na anapokuwa mtu wa familia

Akirudia mara ya pili, mjibu kwa maneno yaleyale, kwa sauti ileile. Ukibadilisha maneno ataona mlango unatikisika. Akirudia mara ya tatu, muulize wewe: «Papa, kuna jambo la kazi linalokutia wasiwasi ili nilijibu?» Liulize kwa kutaka kujua kweli. Wengi hapo husema hofu yenyewe: mtu wa mwisho aliondoka wiki ya pili, au mteja hataki kuchelewa. Basi mna jambo la kuongea.

Shida kubwa ya Lubumbashi ni kazi iliyokuja kwa mkono wa mtu. Msaili anasali na mjomba wako, au alisoma na mama yako. Maswali yake ni ya mwajiri na ya mzee kwa pamoja, na jibu kavu litafika nyumbani kabla yako. Mpe heshima ya ukoo, kisha mwombe wakati mwingine kwa ajili ya hayo: «Baba, habari za nyumbani nitakuletea siku nikija kumsalimu Mama. Leo nimekuja kama mwombaji, niulize kama wengine.» Mzee mwenye busara hupenda jibu hili, kwa sababu nawe umemkinga asionekane anaajiri ndugu. Ila timiza: siku moja nenda kumsalimu Mama kweli, hata kama kazi hukuipata.

Tahadhari. Maswali yakielekea mwilini mwako, unalala na nani, kama mume anasafiri ili mwonane jioni, hapo hakuna hofu ya kazi ya kutafutwa. Simama, sema «Nashukuru kwa muda wako», ondoka, na siku hiyohiyo mwambie mtu unayemwamini. Unyanyasaji wa kijinsia ni kosa la jinai Kongo tangu sheria ya tarehe 20 Julai 2006. Uhusiano wa aina hiyo hauna cha kulindwa.

## Hatua ya 7: Daktari wa kampuni

Kabla ya kuajiriwa unaweza kutumwa kwa daktari upate cheti cha kufaa kwa kazi. Hilo ni halali, nenda. Kipimo cha mimba ni jambo lingine. Kifungu cha 128 kinakataza kumtaka mwombaji apime mimba au alete cheti cha kuwa au kutokuwa na mimba. Kinaacha nafasi kwa kazi zilizokatazwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha, au zenye hatari inayojulikana kwa afya ya mama na mtoto.

Kwa hiyo soma karatasi ya daktari kabla ya kuchomwa sindano. Ukiona kipimo cha mimba na kazi ni ya ofisini, muulize mkuu wa wafanyakazi, kwa sauti ya kuuliza tu: «Kazi hii iko kwenye zile ambazo sheria inaruhusu kipimo hiki?» Mara nyingine fomu ni moja kwa wafanyakazi wote wa mgodi, na mtu anakifuta kwa kalamu. Akikataa, uamuzi ni wako, lakini tayari unajua kwamba sheria iko upande wako, na mkaguzi wa kazi ndiye wa kumwendea.

Kama una mimba tayari na kazi inagusa asidi au kemikali nyingine, sema kabla ya kuanza, kwa ajili ya mtoto. Kama ni ya ofisini na umeulizwa, usiseme «sina». Tumia mlango wa Hatua ya 4.

## Hatua ya 8: Baada ya kutoka

Jioni hiyo andika tarehe, jina na cheo cha msaili, na maneno aliyoyasema juu ya ndoa au uzazi. Kesho yake tuma ujumbe mfupi wa shukrani unaotaja jambo moja la kazi mliloongea, kwa mfano ile programu ya vipuri. Usiguse mambo ya nyumbani humo.

Ukikataliwa, ujue mpaka wa uwezo wako. Kuthibitisha kwamba ulikosa kazi kwa sababu ya watoto ni vigumu sana kama hakuna maandishi wala shahidi. Ukipata ujumbe unaosema wazi kwamba wanataka asiyeolewa, uhifadhi bila kuufuta na uende nao kwa mkaguzi wa kazi.

Ukikubaliwa, kontra ikishasainiwa, sasa ndiyo zamu ya karatasi za familia. Peleka nakala ya cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kwa ajili ya matibabu na kwa ajili ya CNSS, ambako posho za familia hupitia. Andika orodha ya ulichopeleka, omba aliyepokea aisaini, na ubaki na nakala yako.